Kuomba uhamisho wa tawi: uandike sababu ya familia au wingi wa kazi?

Mfanyakazi anayetaka kuhama tawi mara nyingi ana sababu mbili kwa wakati mmoja. Nyumbani kuna jambo linalomhitaji, na pale alipo kazi imemzidi. Zote ni za kweli, kwa hiyo anaziweka zote kwenye barua moja akiamini kwamba zikiwa mbili ombi litakuwa na uzito zaidi. Nimekaa miaka upande wa meza inayopokea barua hizi, na nilichokiona ni kinyume chake. Sababu hizi mbili zinaomba vitu tofauti, zinasomwa na watu wenye hofu tofauti, na zikiwekwa pamoja bila mpangilio moja huivunja nyingine.

Ili nisizungumze hewani, nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme ni dada anayefanya kazi ya ukeshia katika benki binafsi yenye matawi nchi nzima, hapa Tanzania Bara. Ana mkataba wa kudumu na amepangiwa tawi la Kahama. Mama yake ni mjane, anaishi Dodoma na anasafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, kwa muda wa karibu saa nne kila anapokwenda. Mdogo wake wa kiume, ambaye bado anasoma, ndiye pekee aliye na mama. Huku Kahama kaunta ilikuwa na makeshia watano, wakaondoka wawili, na wiki zinapita nafasi zao zikiwa wazi. Huyu dada ana haki ya kuchoka na ana haki ya kutaka kuwa karibu na mama yake. Je, aandike lipi?

Sababu moja inataka kwenda, nyingine inataka kutoka

Sababu ya familia inataja mahali unapokwenda. Mama yuko Dodoma, na tawi la Mwanza halitamsaidia hata likiwa na kazi nyepesi kiasi gani. Mwajiri hana njia nyingine ya kulitatua jambo hili isipokuwa kukupeleka huko au kukataa.

Sababu ya wingi wa kazi inataja mahali unapotoka. Hapo mwajiri ana njia nyingi: anaweza kuajiri, kuazima keshia kutoka tawi jirani, kubadili zamu au kupunguza kaunta zinazofunguliwa. Uhamisho wako ni mojawapo tu, na kwa kweli ndiyo njia mbaya kuliko zote kwake, kwa sababu tawi lenye watu pungufu litapungukiwa zaidi. Ukiandika kwamba watu hawatoshi Kahama, umemwandalia jibu la kukunyima ruhusa ya kuondoka Kahama. Hili ndilo ningependa kila mwombaji alitafakari kabla hajaanza kuandika.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: kesho asubuhi wakileta makeshia wawili wapya hapa ulipo, bado utataka kuhama? Dada wa mfano wetu atasema ndiyo, bila kusita. Basi ombi lake la uhamisho ni la familia, na habari ya wingi wa kazi ina njia yake nyingine. Kama jibu lako ni hapana, huenda huhitaji uhamisho kabisa, unahitaji wenzako wa kazi.

Barua mbili, mtu yule yule

Tuzisome zote mbili. Hii ya kwanza imeandikwa kwa sababu ya wingi wa kazi, na inafanana na nyingi nilizopokea:

«YAH: MAOMBI YA UHAMISHO
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kuhamishwa kutoka tawi la Kahama kutokana na kazi kuwa nyingi. Tangu wenzetu wawili waondoke, tuliobaki watatu tunahudumia kaunta iliyokuwa na watu watano. Natoka kazini saa 1:30 usiku karibu kila siku na afya yangu imeanza kudhoofika. Pia mama yangu ni mgonjwa. Naomba nipelekwe Dodoma au tawi lolote lenye kazi nafuu.»

Na hii ya pili ni ya familia:

«YAH: MAOMBI YA UHAMISHO KUTOKA TAWI LA KAHAMA KWENDA TAWI LA DODOMA
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni keshia katika tawi la Kahama. Naomba kuhamishiwa Dodoma ili nimwangalie mama yangu mzazi, ambaye anapata matibabu hospitalini mara tatu kwa wiki. Matibabu hayo ni ya kudumu na amekwisha kupangiwa hospitali huko, hivyo haitakuwa rahisi kumhamishia Kahama. Mdogo wangu humsindikiza hospitali mchana. Mimi nitakuwa naye jioni, usiku na siku zangu za mapumziko, kwa hiyo sitahitaji kubadilishiwa saa za kazi. Niko tayari kusubiri mbadala wangu apatikane na kumkabidhi kazi kabla sijaondoka. Naambatisha barua ya hospitali na nakala ya cheti changu cha kuzaliwa.»

Katika barua ya kwanza kilichoiangusha ni maneno matatu ya mwisho, «lenye kazi nafuu». Meneja wa Dodoma atakapopelekewa ombi hilo atasoma kwamba analetewa mtu anayekimbia kazi, na yeye pia anayo kaunta ya kuihudumia. Halafu angalia mama alivyowekwa. Ameletwa na «pia», katikati ya malalamiko, kana kwamba ni kiungo cha kuongeza ladha. Aliyekuwa sababu kubwa kuliko zote amegeuka kisingizio machoni pa msomaji, wakati mwandishi hakudanganya hata neno moja.

Barua ya pili haina lugha nzuri kuliko ya kwanza. Nguvu yake iko katika kujibu maswali matatu ambayo ofisi ingeuliza. La kwanza: kwa nini mama asije kwako? Limejibiwa. La pili, ambalo waombaji wengi hawalifikirii: kama mama anakwenda hospitali mara tatu kwa wiki, wewe utakuwa kazini saa ngapi? Meneja anayekupokea anaogopa kupewa keshia ambaye kiti chake kitakuwa kitupu siku tatu katika sita. Ndiyo maana sentensi ya mdogo wake anayesindikiza mchana ina thamani kubwa. La tatu ni nani atakaa kwenye kiti chako Kahama, na hapo ameonyesha kwamba hatawaacha wenzake ghafla.

Kuhusu kusema «niko tayari kwenda tawi lolote»: katika barua ya familia usiliandike. Linaharibu hoja. Ukitaka kuonyesha kwamba hung'ang'anii jengo moja, taja matawi mawili yanayokufikisha kwa mgonjwa wako jioni hiyo hiyo.

Meneja wako ataandika nini chini ya barua

Barua hizi hupita kwa meneja wa tawi, naye huweka maoni yake kabla hazijakwenda makao makuu kwa rasilimali watu. Mistari yake miwili mara nyingi ndiyo inayoamua.

Barua ya familia haimgusi yeye. Anaweza kuandika, «Napendekeza, kwa sharti apatikane mbadala,» na hajapoteza kitu. Barua ya wingi wa kazi inamweka mahali pabaya. Akiandika kwamba anapendekeza, amekiri mbele ya wakubwa wake kwamba tawi lake limemshinda. Basi ataandika kwamba kazi ni ya kawaida na kwamba mwombaji anahitaji kujipanga vizuri. Maneno hayo yatabaki kwenye faili lako, na mwaka unaofuata ukiomba kwa ajili ya mama yako yatasomwa tena.

Kwa sababu hiyo, nenda ukaongee naye kabla ya kupeleka karatasi, hasa ukiwa na sababu ya familia. Haihitaji maneno mengi: «Shikamoo bosi. Nina jambo la nyumbani nilitaka ulisikie kwangu kabla barua haijafika mezani kwako. Mama anaumwa, na nimeona niombe kwenda Dodoma. Ningeshukuru ukiniambia ni lini ninaweza kuondoka bila kuliumiza tawi.» Akikutajia mwezi, huo mwezi ndio unaouandika. Keshia anayeomba kuhama Desemba, wakati benki inafunga mwaka, ameomba wakati ambao hakuna anayetaka kumwachia.

Kubadilishana: mlango ulio wazi kwa upande mmoja tu

Kizuizi kikubwa cha ombi lolote la uhamisho ni nafasi. Dodoma ni mji ambao wengi wanautaka, na tawi la huko linaweza kuwa limejaa. Njia inayofungua haraka ni kumpata mwenzako wa daraja lilelile na kazi ileile aliyeko Dodoma, ambaye naye ana sababu ya kuja Kahama: pengine mke wake anafanya kazi kwenye migodi ya ukanda huo, pengine ndiko kwao. Barua zenu zikifika siku moja, kila moja ikiitaja nyenzake, makao makuu hawana pengo la kuziba na gharama yao ni ndogo.

Sasa jaribu kufanya hivyo kwa barua ya wingi wa kazi. Utamwandikia mwenzako nini? Kwamba kaunta ya watu watano ina watatu na mnatoka usiku? Akija bila kujua utakuwa umemficha, na akijua hatakuja. Rasilimali watu nao wanaona hivyohivyo: wakikubali kwamba Kahama hapafai kukaa, watampeleka nani? Sababu ya familia ni yako peke yako na haimchafulii anayekuja. Hapa tofauti ya sababu hizi mbili inaonekana wazi kuliko mahali pengine popote.

Wingi wa kazi una njia yake, na njia hiyo ina tarehe ya mwisho

Nisieleweke kwamba namwambia dada huyu anyamaze kuhusu saa zake. La hasha. Ninachosema ni kwamba saa zake ni dai, na uhamisho ni ombi. Ombi mwajiri anaweza kulikataa. Dai lina sheria nyuma yake, na ukilitia ndani ya ombi linashushwa hadhi na kuwa malalamiko.

Tupige hesabu yake. Jumatatu hadi Ijumaa anaingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 1:30 usiku baada ya kufunga hesabu. Hizo ni saa 12. Ondoa saa moja ya chakula, zinabaki 11, na kwa siku tano ni 55. Jumamosi anafanya kazi kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 7:30 mchana, saa 5. Jumla ni saa 60 kwa wiki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Zinazozidi ni saa za ziada, zinatakiwa zifanywe kwa makubaliano, na hazitakiwi kupita 50 katika kila wiki nne. Yeye ana saa 15 za ziada kwa wiki, yaani 60 kwa wiki nne. Kikomo kimevukwa. Malipo ya saa ya ziada hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Tuseme mshahara wake wa msingi ni shilingi 780,000 kwa mwezi. Sheria inahesabu mwezi kuwa wiki 4.333, hivyo saa 45 kwa wiki zinakuwa takriban 195 kwa mwezi, na saa moja ni shilingi 4,000. Ya ziada ni 6,000. Kwa saa 60 ni shilingi 360,000 kila wiki nne. Hiyo si fedha ya kuifuta kwa kuandika «naomba nipelekwe tawi lenye kazi nafuu».

Kuna jambo hapa linalowaumiza watu wengi bila wao kujua. Mgogoro wa kazi usiohusu kuachishwa unapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Ukichelewa itabidi kwanza uiombe Tume ikubali kuchelewa kwako, kwa sababu za msingi. Sasa mtu anaandika barua ya uhamisho akitaja saa zake, anaambiwa «linafanyiwa kazi», anasubiri miezi mitatu kwa heshima. Uhamisho unakataliwa, na madai ya saa za miezi ile ya mwanzo yamekwisha kupitwa na muda. Barua ya uhamisho haisimamishi siku hizo kuhesabika.

Kwa hiyo mwandikie mwajiri barua ya pili, fupi, isiyotaja uhamisho wala mama. Ambatisha orodha ya siku, saa ya kuingia na saa ya kutoka, uombe malipo ya saa za ziada na kujazwa kwa nafasi mbili zilizo wazi. Saa ziwe zile zinazoweza kuthibitika: kitabu cha mahudhurio, kumbukumbu za mfumo ulipofunga kaunta, zamu iliyobandikwa ukutani. Saa ulizokumbuka tu kichwani zitapingwa.

Ila utaratibu huu wa saa hauwahusu wote. Mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na anayewajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu hana kikomo hiki cha saa. Kama wewe ndiye meneja wa tawi, wingi wa kazi huwezi kuudai kwa njia hii. Kwako wewe, kuzungumza kuhusu uhamisho au kuongezewa watu ndiyo njia iliyobaki.

Pale ambapo wingi wa kazi ni hoja halali ya kuhama

Zipo hali ambazo ningemshauri mtu aitangulize kazi. Ni pale tatizo linapokuwa kati ya aina ya kazi na mtu huyu hasa, na kazi nyingine inayomfaa ipo tawi jingine. Chukua keshia ambaye daktari ameandika kwamba mgongo wake hauruhusu kuinua masanduku ya fedha wala kukaa kwenye kiti kirefu siku nzima. Tawi lake dogo halina dawati jingine la kumweka. Tawi kubwa lina dawati la huduma kwa wateja. Barua ya namna hiyo haimtuhumu meneja, haidai kwamba tawi limeshindwa, na inataja mahali pa kwenda pamoja na kazi ya kufanya huko. Ukiitazama vizuri, imechukua umbo la barua ya familia: inaonyesha mlango mmoja unaojulikana.

Hali nyingine ni pale benki yenyewe inapopunguza kazi za tawi moja na kuziongeza jingine. Hapo unaomba kufuata kazi, na hakuna anayekulaumu.

Vielelezo: kipi kitolewe na kipi kibaki kwako

Barua ya familia inahitaji karatasi, na karatasi hizo zinahusu watu wengine. Kumfuata mwenza kunahitaji cheti cha ndoa na barua ya mwajiri wa mwenza inayoonyesha kituo chake cha kazi. Bila hiyo ya pili, cheti cha ndoa kinathibitisha kwamba mmeoana, si kwamba mwenzako anafanya kazi Morogoro. Kwa mzazi mgonjwa, cheti chako cha kuzaliwa kinaonyesha uhusiano, na barua ya hospitali inaonyesha matibabu.

Hiyo barua ya hospitali haihitaji kutaja ugonjwa. Inatosha iseme kwamba mgonjwa anahudhuria matibabu ya kudumu, mara ngapi kwa wiki, na kwamba anahitaji mtu wa kumwangalia nyumbani. Taarifa za afya zinalindwa kwa namna ya pekee na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na barua yako itapita mikononi mwa katibu muhtasi, meneja, na ofisi mbili tatu za makao makuu. Mama hakuomba historia yake isomwe na wote hao. Rasilimali watu wakihitaji undani, uwape wao peke yao, ana kwa ana, mama akiwa ameridhia.

Watu huniuliza pia kama sheria haiwapi likizo ya kuuguza mzazi, ili waepuke uhamisho. Katika likizo zile fupi za malipo, sheria ya 2004 inatoa angalau siku 4 kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, na kwa kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Ugonjwa wa mzazi haumo. Kwa likizo ya malipo, dada yetu anabaki na ile ya mwaka ya siku 28, ambayo kwa matibabu ya kila wiki yasiyo na mwisho haimfikishi mbali. Linafaa kutajwa katika mazungumzo na rasilimali watu, kwa sababu linaonyesha kwamba hukurukia uhamisho kabla ya kutazama njia nyingine. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya ndoa au majukumu ya familia. Hilo halimlazimishi mwajiri akuhamishe, lakini linamzuia kukunyima cheo au kukuonea kwa sababu ya majukumu hayo.

Nani atalipia, na barua mpya itaandikwaje

Ukihama kwa maombi yako, jiandae kujilipia lori na nauli. Kwa watumishi wa umma hili linajulikana: anayehama kwa ombi lake mwenyewe halipwi gharama za uhamisho. Kwenye kampuni binafsi tazama sera ya kampuni yako. Wengine hulipa kiasi, wengi hawalipi. Kwa barua ya wingi wa kazi watu hutumaini kwamba watalipiwa kwa kuwa kosa ni la tawi, lakini kama umeomba wewe, umeomba wewe.

Kilicho muhimu zaidi kuliko lori ni maneno ya barua mpya. Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi, yakiwemo mahali ulipoajiriwa na mahali pa kufanyia kazi, na yakibadilika ayarekebishe kwa kushauriana nawe. Mahali pa kufanyia kazi ndiko kunakobadilika kuwa Dodoma. Mahali ulipoajiriwa hapabadiliki. Siku ajira yako ikikoma ukiwa kituo kingine, mwajiri ana wajibu wa kukusafirisha wewe na mizigo yako hadi ulipoajiriwa au kukulipa gharama hizo. Nimeona barua za uhamisho zinazoandika mji mpya katika nafasi zote mbili, bila nia mbaya, kwa kunakili tu. Soma kabla ya kusaini. Tazama pia daraja, mshahara wa msingi, na kama posho ya kushika fedha inaendelea endapo Dodoma utapewa dawati badala ya kaunta.

Jibu likiwa hapana

Jibu la «hakuna nafasi kwa sasa» kwa barua ya familia halijafunga mlango. Ombi lina mahali panapotajwa, kwa hiyo linaweza kusubiri mahali hapo papatikane. Omba kwa maandishi jina lako liwekwe kwenye orodha ya wanaosubiri Dodoma, na uulize litaangaliwa tena lini. Omba pia kuazimwa kwa muda: tawi la Dodoma likiwa na keshia aliye kwenye likizo ya uzazi, ambayo ni siku 84, kuna kiti cha karibu miezi mitatu kinachohitaji mtu anayejua kazi. Wengi niliowaona wakihama moja kwa moja walianza hivyo, kwa sababu meneja wa kule alikwisha kuwaona wakifanya kazi.

Barua ya wingi wa kazi ikikataliwa, hakuna cha kusubiri, kwa kuwa haikutaja mahali. Unabaki tawini ukiwa na meneja aliyesoma ulichoandika kuhusu tawi lake. Ndiyo maana dada wa mfano wetu namwambia apeleke barua ya mama wiki hii kupitia kwa meneja wake, na ile ya saa za ziada aipeleke peke yake, mapema, ili akinyimwa awe na muda wa kufika Tume kabla siku 60 za saa za kwanza hazijaisha, kila moja ikiwa na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa na kubaki mkononi mwake.